Karuseli ya baada ya tamasha imeharibika? Anza na dalili

Tamasha limekwisha Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi mahema yanakunjwa, viti vinahesabiwa, na mtu mmoja ambaye hajalala vizuri anaambiwa: "Weka posti ya kushukuru, watu wanasubiri." Mara nyingi mtu huyo huwa mimi. Nimesimamia kurasa za matamasha na makongamano kadhaa huku Tanga, na siku hizi wenzangu wananipigia posti zao zikiwakwamia. Malalamiko ni yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi ninachokutana nacho zaidi.

Karuseli ninayoizungumzia ni ile posti ya Instagram yenye picha nyingi ambazo mtu anazisogeza kwa kidole moja baada ya nyingine. Tangu Agosti 2024 inabeba hadi picha 20. Kabla ya hapo mwisho ulikuwa 10. Mfano wangu utakuwa mmoja mpaka mwisho: tamasha la siku mbili la ngoma na vyakula vya pwani, ambalo karuseli yake ilikuwa na slaidi tisa na karibu kila kosa lililoandikwa hapa.

Kabla hujagusa chochote

Posti ikishapanda, kuna vitu unaweza kuvirekebisha na vingine huwezi. Kapsheni, majina uliyotagi na mahali, vyote vinaharirika. Slaidi moja moja unaweza kuiondoa: bonyeza nukta tatu, kisha Edit, uisogeze mpaka slaidi yenyewe, halafu uguse alama ya pipa la taka pembeni. Inakaa kwenye vilivyofutwa siku 30, kwa hiyo ukijuta unaweza kuirudisha. Kutoa picha na kuweka nyingine mahali pake haiwezekani. Jina likikosewa ndani ya picha, ama unaiondoa slaidi nzima ama unafuta posti na kuanza upya.

Kipimo changu ni hiki. Kosa likigundulika ndani ya dakika kumi za mwanzo na watu hawajaandika maoni, futa na uipandishe upya. Watu wakishaanza kuandika na kushiriki, acha. Ukifuta hapo unafuta na salamu zao, nao wanaona. Rekebisha kwa kapsheni na kwa maoni uliyoyabandika juu.

Dalili ya 1: Vichwa vya watu, nembo au tarehe vimekatwa

Kwenye simu ya mchora mabango slaidi zote zilikuwa nzuri. Zilipopanda, nembo za wadhamini hazikuwepo, na slaidi ya tarehe ilibaki na maneno "Tukutane tena" tu, bila siku.

Kisababishi kikuu ni slaidi ya kwanza. Instagram inachukua umbo la slaidi ya kwanza na kulilazimisha kwa zote zinazofuata. Kwenye tamasha letu, ya kwanza ilikuwa picha ya umati iliyopigwa kwa kamera ikiwa imelala, umbo la 3:2. Picha ya namna hiyo ikiwa na upana wa pikseli 1080, kimo chake ni 720. Slaidi nyingine nane zilichorwa zikiwa zimesimama, 1080 kwa 1350. Zikabanwa kwenye kimo cha 720, na pikseli 630 zikapotea: 315 juu na 315 chini. Nembo za wadhamini zilikuwa chini kabisa, na tarehe ilikuwa juu kabisa. Hapo hata programu huwezi kuilaumu, imefanya kazi yake.

Ukaguzi wa haraka: fungua slaidi ya kwanza peke yake na uangalie umbo lake. Ikiwa imelala na zingine zimesimama, umepata jibu. Ikiwa zote zimetoka mraba, basi aliyepandisha hakugusa ile alama ndogo ya kutanua picha wakati wa kuchagua, na programu ikafuata mraba wake wa kawaida.

Kisababishi cha pili kinawachanganya wengi kwa sababu posti yenyewe ukiifungua ni nzima. Kinachoonekana kukatwa ni kile kipicha cha kwenye ukurasa wako. Tangu Januari 2025 vipicha hivyo vinaonyeshwa kwa umbo refu la 3:4 badala ya mraba. Slaidi ya 1080 kwa 1350 inapoteza hapo pikseli kama 34 kila upande, kitu kidogo tu. Slaidi ya mraba inapoteza 135 kila upande, na hapo jina la tamasha lililoandikwa kwa upana wote linabaki "AMASHA LA NGOM".

Tiba ni kukubaliana umbo moja kabla ya mtu yeyote kufungua programu ya kuchora. Mimi natumia 1080 kwa 1350 kwa zote, na maandishi yanakaa angalau pikseli 100 kutoka kila ukingo. Picha ya kamera iliyolala usiivute ili irefuke, watu watakuwa kama mishumaa. Iweke juu ya rangi ya tamasha na uache nafasi juu na chini. Hiyo nafasi ndipo maandishi yatakapokaa.

Dalili ya 2: Picha zina ukungu, au rangi zimefifia

Mpiga picha amelipwa vizuri, kamera yake ni ya maana, lakini kilichopanda kinafanana na picha iliyopigwa kupitia chandarua.

Karibu kila mara mkosaji ni WhatsApp. Picha zimetumwa kwenye kundi la kamati kama picha za kawaida, zikabanwa. Mwenyekiti akazituma kwa katibu, katibu kwa mchora mabango, na njiani mtu mmoja akapiga skrinishoti. Ukaguzi ni rahisi: angalia taarifa za faili. Picha ya kamera ya kisasa ina upana wa maelfu ya pikseli na uzito wa megabaiti kadhaa. Ukikuta faili la kilobaiti 150, usihangaike kulinoa, kwa sababu kilichopotea hakirudi. Mwombe mpiga picha atume tena zile zilizochaguliwa tu, zikiwa hati na si picha, au aweke kwenye kiungo cha kupakua. Kuomba zote 600 ndiko kunakomfanya achelewe siku tatu.

Kama faili la asili ni zuri, angalia mipangilio ya Instagram yenyewe. Kuna kitufe kilichoandikwa Upload at highest quality. Kikiwa kimezimwa, programu inaweza kupunguza ubora mtandao ukiwa dhaifu, na mtandao wa karibu na uwanja Jumatatu asubuhi unaujua mwenyewe. Pia usidhani kupandisha picha kubwa mno kunasaidia: Instagram inaishusha hadi upana wa 1080 kwa njia yake. Ni afadhali uishushe wewe, uitazame, ndipo uipandishe.

Rangi kufifia ni ugonjwa mwingine. Ngozi za watu zinageuka kijivu, nyekundu ya kanga inakuwa kama imefuliwa mara mia. Hapo picha imehifadhiwa kwa mpangilio wa rangi usio wa skrini, kama Adobe RGB, au mchoro umetolewa kwenye faili lililoandaliwa kwa ajili ya kuchapa bango. Mwambie mchora mabango ahifadhi upya kwa sRGB, JPEG. Ni kazi ya dakika mbili kwake. Kama huna programu ya kufanya hivyo, usijaribu kuongeza rangi kwa vichujio vya simu, maana utazirudisha kanga na kuwachoma watu nyuso. Hii mwachie fundi.

Dalili ya 3: Watu wanalaiki slaidi ya kwanza na kuondoka

Laiki zipo, maoni yapo, lakini maoni yenyewe yanauliza: "Mwakani lini?" wakati tarehe iko slaidi ya tisa. Hicho ndicho kipimo bora ninachokijua cha kujua kama watu wamefika mwisho, na hakihitaji takwimu zozote.

Sababu ya kwanza ni slaidi ya kwanza kuwa bango. Nembo, jina la tamasha, neno AHSANTENI kwa herufi kubwa. Mtu anaona, anaelewa, ameshapewa kila kitu, ya nini aendelee? Binamu wa bango ni picha ya meza kuu: mgeni rasmi katikati, maji ya chupa mbele, nyuso tisa zisizocheka. Najua kwa nini inawekwa. Kamati inataka mgeni rasmi aonekane kwanza, na kubishana na kamati Jumatatu asubuhi ni kazi. Mimi huwaambia mgeni rasmi ataonekana vizuri zaidi kwenye slaidi ya nne, akiwa ameshika sahani ya boko-boko, kuliko kwenye ya kwanza akiwa nyuma ya maua ya plastiki. Mara nyingi wanakubali.

Slaidi ya kwanza inataka tukio moja lisilokamilika. Kwenye tamasha letu tulikuwa na picha ya mama mmoja mpika vitumbua, mkono uko hewani, kitumbua kimeshageuzwa na hakijatua. Ile ilistahili kuwa ya kwanza. Tukaweka umati.

Sababu ya pili ni slaidi ya pili kuwa dhaifu. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, ameeleza kwamba mtu akiiona karuseli bila kuisogeza, programu inaweza kumletea tena baadaye ikianzia kwenye slaidi inayofuata. Maana yake ni kwamba slaidi ya pili nayo ni mlango. Ukiweka hapo ratiba ya siku au hotuba ya ufunguzi iliyoandikwa kwa herufi ndogo, umepoteza nafasi ya pili uliyopewa bure. Iwe picha inayoweza kusimama peke yake, na jina la tamasha liandikwe pembeni kwa udogo ili mtu ambaye hakuiona ya kwanza ajue yuko wapi.

Sababu ya tatu ni urefu. Nafasi ya 20 haikulazimishi kujaza 20. Slaidi tatu za umati kutoka pembe tatu ni slaidi moja iliyorudiwa. Zipange juu ya meza, au kwenye skrini zikiwa ndogo, na kila mbili zinazosema kitu kimoja utoe moja.

Na hata ukifanya yote hayo, usiiache tarehe slaidi ya mwisho peke yake. Kapsheni inaonyesha herufi kama 125 tu kabla ya kukatwa, ingawa inaruhusu hadi 2,200. Wengi huanza na "Kwa niaba ya kamati ya maandalizi, tunapenda kuchukua fursa hii..." na herufi 125 zinaishia kwenye fursa. Yetu tuliihariri siku ya pili, ikaanza hivi:

"Sufuria zimeoshwa, ngoma zimefunikwa. Tunarudi mwakani, wikiendi ya kwanza ya Agosti. Weka alama."

Maswali ya "mwakani lini" yakapungua jioni ileile. Shukrani zikafuata chini yake, na hakuna aliyelalamika kwamba zimeshuka.

Dalili ya 4: Shukrani zimezua ugomvi

Saa nne asubuhi simu yangu iliita. "Kaka, shikamoo ya kazi. Mama amepika pilau ya watu mia mbili, jina lake silioni. Jina la mtu wa viti lipo."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu alikuwa na haki. Kisababishi kikuu cha majina kukosekana ni kutumia orodha ya kabla ya tamasha. Ile orodha ya mpango ina watu walioahidi. Haina waliokuja kuokoa jahazi Jumamosi mchana. Mama huyu aliitwa saa tano asubuhi baada ya mpishi wa kwanza kukwama njiani. Ukaguzi: linganisha orodha yako na daftari la malipo na la chakula, kisha mpe mtu mmoja aliyekuwa jikoni na mmoja aliyekuwa jukwaani waisome. Dakika kumi zinatosha.

Kinachofuata ni vyeo na tahajia. Dakta ameandikwa Bwana, Bi Mwanaidi ameandikwa Mwanahidi, mstahiki meya ameitwa mheshimiwa. Usikisie. Nakili kutoka kwenye barua ya mwaliko iliyojibiwa, au muulize mwenyewe. Halafu ndiyo nembo za wadhamini. Aliyetoa milioni tano na aliyetoa katoni za maji hawataki kuonekana kwa ukubwa mmoja, na mkataba wa udhamini huenda umeshasema hivyo. Mchora mabango hajawahi kuuona. Mpe ukurasa unaohusu nembo.

Jambo la kiufundi linaloingia hapa: unaweza kutagi watu 20 tu kwenye posti moja. Sisi tulikuwa na vijana wa kujitolea 34. Aliyepandisha alitagi mpaka programu ikakataa, na waliobaki 14 wakadhani wamebaguliwa. Ukizidi 20, usitagi mtu mmoja mmoja kwenye kundi hilo. Andika majina yote kwenye slaidi ya shukrani kwa alfabeti, na tagi taasisi na wasanii. Mdhamini ambaye anataka posti ionekane na kwake, mwalike kama mshiriki wa posti. Nafasi ni hadi tano. Akipiga simu kwamba haioni kwenye ukurasa wake, mara nyingi ni kwamba hajakubali mwaliko. Umo kwenye arifa zake.

Jina limesahaulika na posti imeshapata watu? Liongeze kwenye kapsheni, kisha mpigie mwenyewe, usimtumie ujumbe. Yule mama nilimfuata nyumbani. Nikakuta pilau.

Lakini kama mdhamini anataja mkataba, au anadai kurudishiwa pesa kwa sababu nembo yake ilikatwa, acha kujibu kwenye maoni. Hapo ni kazi ya mwenyekiti na mtu wa sheria, hata kama maneno yako ya kuomba radhi ni mazuri.

Dalili ya 5: Tarehe ya mwakani imetangazwa, sasa inabidi ibadilike

Kwanza angalia kama tarehe imegongana na mwandamo wa mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwandaaji wa pwani aliyezoea Februari anapaswa kujua kwamba mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na kuendelea hadi wiki ya pili ya Machi. Tamasha la chakula la mchana wiki hizo halina mlaji. Na kama shughuli yako yenyewe inafuata mwezi, mathalani maulidi, usiandike tarehe moja kana kwamba umeishika mkononi. Andika mwezi na useme kwamba inategemea kuandama.

Kinyume chake, kuna siku zisizohama. Kongamano la Siku ya Kiswahili Duniani unaweza kulitangazia tarehe 7 Julai ya mwaka wowote bila hofu. Ila angalia inaangukia siku gani ya juma: mwaka 2027 ni Jumatano.

Angalia pia uchaguzi. Kenya inapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na mwandaaji wa Mombasa au Lamu anayetangaza wiki hiyo atapata shida ya ukumbi, polisi na wageni kwa pamoja.

Kisababishi cha mwisho kinauma zaidi: ukumbi haujalipiwa. Mtu wa kamati alisema "tumeshaongea nao", na kuongea kukageuzwa kuwa tarehe. Kama huna risiti, tangaza mwezi tu. "Agosti mwakani, Tanga" inatosha kumfanya mtu apange likizo. Tarehe kamili ipe posti yake mwenyewe malipo yakishafanyika. Ikiwa umeshakosea, ondoa slaidi ya tarehe, hariri kapsheni, na ueleze mabadiliko kwenye maoni uliyoyabandika. Usifiche, kuna waliokwisha kata tiketi za basi.

Dalili ya 6: Mtu anataka picha yake iondolewe

Hapa usianze na visababishi. Iondoe kwanza, uliza baadaye.

Mengi ya maombi haya yanahusu watoto: mcheza ngoma wa miaka tisa, picha nzuri kuliko zote, na mzazi hakuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019 ambayo imeshauma. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kujiburudisha tu. Bango la mlangoni linalosema "picha zitapigwa" linasaidia kwa picha za umati. Kwa uso wa mtoto uliojaza slaidi nzima, tafuta idhini ya mzazi kwa maandishi, kabla.

Ukipokea barua kutoka kwa wakili au kwenye ofisi ya serikali, usifute chochote zaidi wala kujibu kwa haraka. Hifadhi nakala ya posti na mazungumzo, kisha mpelekee mwanasheria.

Kwetu alikuwa mama wa binti aliyekuwa slaidi ya tano. Alipiga simu kwa upole, nikaitoa ndani ya dakika moja, akashukuru. Tatizo nililitengeneza mwenyewe: mchora mabango alikuwa ameandika namba kwenye kona ya kila slaidi, 1/9 mpaka 9/9. Wiki nzima watu walikuwa wakiuliza kwenye maoni ya tano iko wapi, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo walivyozidi kukisia. Slaidi zangu za sasa hazina namba.